Maneno ya Mwenyekiti ya Kufungua Mkutano Mkuu wa Kijiji

Ndugu wananchi, wazee wetu, Mheshimiwa Diwani na wataalamu mliotoka wilayani, nawasalimu nyote na kuwashukuru kwa kufika. Mtendaji wa Kijiji amenithibitishia kwamba waliojiandikisha kwenye daftari la mahudhurio wanatimiza akidi, hivyo tunaweza kuanza.

Tumeitana hasa kujadili rasimu ya mpango wa matumizi ya ardhi, na kuamua ama kuipitisha ama kuirudisha kwa halmashauri ya kijiji ikarekebishwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaipa halmashauri dhamana ya kusimamia ardhi kwa niaba yenu, lakini mpango wa namna hii hauwezi kutumika bila idhini ya mkutano huu. Sisi wajumbe tumeleta pendekezo tu. Najua panapouma ni njia ya mifugo ya kwenda bwawani, ambayo kwenye ramani iliyobandikwa ubaoni ni ule mstari mwekundu unaopita kando ya mashamba ya mpunga ya Kitongoji cha Mtoni. Ambaye hajaiona, asogee aitazame wakati muhtasari unasomwa.

Shamba langu mwenyewe linapakana na mstari huo. Kwa sababu hiyo, tukifika kwenye ajenda ya ardhi nitaomba mchague mwenyekiti wa muda, nami nitakaa upande wa wananchi.

Anayetaka kuzungumza anyooshe mkono, asubiri kuitwa, ataje jina na kitongoji chake, kisha aseme kwa dakika zisizozidi 3. Mtendaji ndiye mwenye saa. Hakuna kumkatiza msemaji, hata akisema lisilotupendeza, na hakuna atakayezungumza mara ya pili kabla wengine hawajapata ya kwanza. Mikono ya akina mama na vijana walioketi nyuma itaangaliwa mapema, maana mara nyingi muda huishia huku mbele. Tujadili njia na malisho, tusijadili kabila la mtu wala idadi ya ng'ombe wake. Mwenye mgogoro wa mpaka na jirani yake autenge na mjadala huu, kwa kuwa mahali pake ni Baraza la Ardhi la Kijiji. Wataalamu watajibu maswali, ila kura ni ya wakazi wa kijiji waliotimiza miaka 18, na itapigwa kwa kunyoosha mikono.

Tutaanza na muhtasari wa mkutano uliopita na yatokanayo, kisha taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka, ambayo nakala yake imebandikwa kando ya ramani. Baada ya hapo tutaingia kwenye ardhi, na muda mwingi tuuweke huko. Mengineyo yatafuata, kwa waliokwisha kuyaandikisha kwa Mtendaji.

Kama kuna anayependekeza ajenda zibadilishwe, aseme sasa. Hakuna? Basi ajenda zimepokelewa, na mkutano umefunguliwa rasmi saa 4:20 asubuhi. Mtendaji, karibu utusomee muhtasari.