Barua za Jumatano

Mvua ya Machi ilipiga bati la ofisi kwa nguvu, hata Mwalimu Agnesi akawa anasoma barua kwa sauti ili ajisikie mwenyewe. Kilolo nzima ilikuwa ukungu. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa zamu, na watoro wa Jumatatu na Jumanne wote walikuwa wake.

"Madamu, andika majina tumalize," alisema Mwalimu Mkuu, akimsogezea kitabu cha adhabu. "Viwili viwili."

"Nipe dakika chache, Mkuu."

Barua ya Baraka ilikuwa safi kabisa, ina "Yah: Ugonjwa wa Ghafla" na mstari chini yake. Bahati mbaya, Jumatatu hiyo hiyo mwalimu wa michezo alimkuta stendi akila miwa na konda wa daladala, mzima wa afya.

Ya Festo ilikuwa kwenye karatasi ya hesabu, bado ina kugawanya kwa upande wa nyuma. "Mimi baba Festo naomba msamaha mwanangu hakuja kwa sababu baba anaumwa mguu na mimi ndiye niliyegema."

Agnesi alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaacha kucheka. Msimu wa ulanzi, pombe ya mwanzi, hausubiri mguu wa mtu upone: mwanzi hukatwa ncha asubuhi na jioni, na ukiachwa unakauka. Daftari alizokuwa nazo Festo zilitoka kwenye mbeta hizo hizo za kukingia ulanzi.

"Amejifanya baba yake," Mkuu alisema. "Huko ni kughushi."

"Ni kughushi. Ataandika upya kwa jina lake, na kipindi cha hesabu alichokosa nitamrudishia mimi saa kumi. Viboko hapana."

"Wenzake watasema una upendeleo."

"Waseme."

Ya Veronika ilikuwa na maneno matatu tu: "Alikuwa hajisikii vizuri." Ilikuwa fupi kama ya mvivu, na Agnesi alikuwa ameshaisogeza upande wa Baraka. Lakini alikumbuka kuisoma mahali. Akafungua rejista ya mahudhurio. Januari, siku mbili. Februari, siku mbili, mwishoni mwishoni. Machi tena. Darasa la Sita, miaka kumi na tatu.

Alifunga rejista, akavuta droo ya chini, akahakikisha pakiti ya taulo za kike bado ipo.

"Huyu je?" Mkuu aliuliza.

"Huyu niachie mimi."

Mkuu alimtazama, akaitazama droo, akakohoa na kuanza kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mfukoni mwake.

Kitabuni Agnesi hakuandika kitu. Baraka alimpa matuta mawili ya bustani ya mboga, ayapalilie mvua ikikatika. Zilizobaki zilikuwa homa na mto Lukosi kujaa; hizo alizipitisha bila neno.

Kisha akamwita kiranja dirishani.

"Niitie Veronika. Mwambie aje na daftari la sayansi, nataka kusahihisha."