Begi la Msafiri

Duka la Shangazi Rukia liliuza vile vitu ambavyo mtu havikumbuki mpaka vimpungukie: vifungo, zipu, lastiki, nyuzi, pini, sindano za mkono na za cherehani. Ukuta wote wa nyuma ulikuwa wa droo ndogo za mbao, na usoni mwa kila droo alifunga kwa waya mwembamba kifungo kimoja cha aina iliyomo ndani, ili mteja anyooshe kidole tu bila kuhangaika na jina. Mimi nilikuwa namsaidia kaunta. Kazi haikuwa nyingi. Wateja wetu walikuwa mafundi cherehani wa jirani, wengi wao wa kuandikwa kwenye daftari na kulipa kazi zao zikilipwa, na daftari lilikuwa limeanza kunenepa kuliko droo ya pesa. Watu wananunua nguo zilizokwisha kushonwa. Zikiharibika wanatupa.

Msafiri yule aliingia jioni, tunakaribia kufunga. Alikuwa amelikumbatia begi kifuani kwa mikono miwili kwa sababu zipu ilikuwa imeachia kutoka mwanzo hadi mwisho, na basi lake lilikuwa linaondoka usiku uleule.

"Mama, nipe zipu ndefu kabisa uliyo nayo, na unielekeze kwa fundi wa karibu," alisema. Pesa ilikuwa tayari mkononi.

Shangazi hakuigusa ile pesa. Alilivuta begi chini ya taa, akapitisha ukucha kwenye meno ya zipu, jino kwa jino, kwanza upande mmoja kisha wa pili. Halafu akakigeuza kichwa cha zipu akakitazama mgongoni.

"Meno yako mazima, baba. Kilicholegea ni hiki kichwa. Kimechoka, kimepanuka, hakiwezi tena kuyabana meno yakaumana."

Akachukua koleo ndogo. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara nyingi, lakini yule mtu aliinama kutazama, nami nikajikuta natazama upya. Alikirudisha kichwa mwanzo wa zipu, akakibana ubavu wa kushoto kidogo tu, akaenda kulia akabana kiasi kilekile, akajaribu. Bado. Akabana tena, kidogo kuliko mara ya kwanza. Haraka hapo haifai, kwa sababu ukibana kupita kiasi kichwa hakitembei, na ukilazimisha chuma kinapasuka, basi umeshapoteza kila kitu. Mara ya tatu zipu ilifunga mpaka mwisho. Akachukua kipande cha mshumaa, akapaka juu ya meno, akaifunga na kuifungua ili nta ienee.

"Nikupe ngapi?"

"Sijakuuzia kitu. Wahi basi lako."

Yaliyofuata aliyaandika akiwa njiani, nadhani, maana nilipoyaona asubuhi yake yalikuwa yamepandishwa saa za usiku wa manane. Nayaweka hapa kama yalivyokuwa:

"Niliingia dukani na begi bovu na pesa ya zipu mpya. Mwenye duka angeweza kuichukua na nisingejua. Badala yake aliniwashia taa, akanionyesha kwamba zipu yangu ni nzima, akaitengeneza mbele ya macho yangu na akakataa malipo kwa sababu hajaniuzia kitu. Nimekaa kwenye basi nalifungua na kulifunga begi bila sababu. Ukipita pale, nunua hata kifungo. Nyota tano."

Chini yake aliweka picha ya ukuta wa droo na vifungo vyake. Ninaamini picha ile ilifanya nusu ya kazi. Mtu mmoja mwenye wafuasi wengi aliichukua, akaongeza maneno yake machache, na kufikia jumapili nilikuwa natumiwa habari za duka letu na watu wasiojua kwamba mimi ndiye ninayelifagia.

Shangazi hana simu ya namna hiyo. Nilimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Alifika salama?" Nikamwambia hilo halikuandikwa. Akarudi kuhesabu pini.

Jumatatu tulikuta watu mlangoni.

Wiki za mwanzo zilikuwa za furaha, sitaki kuzipunguzia. Kijana alileta hema. Bibi alileta mkoba ambao haukuwa umefunguka tangu mumewe alipofariki, na Shangazi aliushughulikia muda mrefu kuliko kitu kingine chochote siku ile, akampa kiti mwenyewe akae. Watu walinunua vifungo wasivyovihitaji kwa sababu waliambiwa wanunue. Droo ya pesa ilijaa, tukalipa kodi ya chumba bila kuomba siku.

Lakini tazama kilichokuwa kinaendelea. Yule msafiri alipewa nusu saa ya Shangazi kwa sababu nusu saa ile haikuwa na mwenyewe. Sasa kila aliyeingia alikuja kudai nusu saa ileile, na jua lilikuwa linazama saa zilezile. Wengine walileta zipu ambazo meno yake yameng'oka, ambazo hazitengenezeki na mtu yeyote, wakaambiwa hivyo, wakanuna. Wengine walianza kupiga picha kabla ya kusalimia. Vichwa vya zipu vikatuishia, vya ukubwa wa namba 5 kwanza, na hapo hakuna ujanja: kichwa cha namba 3 hakiingii kwenye zipu ya namba 5, na cha zipu ya chuma hakikai kwenye ya nailoni hata namba zikifanana.

Na mafundi wetu wakaacha kuja. Fundi Hamadi alisimama kwenye foleni kwa ajili ya uzi mweusi tu, akatazama vichwa vya watu mbele yake, akaondoka. Alikuwa na gauni la harusi mezani. Nilimwona akitoka, na sikuweza kumkimbilia kwa sababu mikononi nilikuwa na mabegi ya watu.

Kisha likaja neno la nyota moja. "Nimesubiri zaidi ya saa nzima. Mama mwenyewe hacheki, hakuniangalia usoni, kaniambia haifai, basi. Sijui watu wanasifu nini." Niliogopa kumsomea, lakini aliniona usoni, akaniuliza, nikamsomea.

"Isome tena," akasema.

Nikaisoma tena.

"Huyu ndiye wa koti la kijani. Amesema kweli. Alisubiri."

"Lakini, Shangazi, hukumkosea. Meno yalikuwa yameng'oka."

"Sikumwonyesha. Yule wa basi nilimwonyesha."

Usiku ule hakulala mapema, na asubuhi aliniamuru nitoe benchi la stoo. Tuliliweka mbele ya kaunta. Mafundi, akasema, wakija na orodha yao wapite moja kwa moja, hawa wana kazi ya watu inawasubiri. Wenye zipu wakae kwenye benchi, wote pamoja. Akasimama mbele yao na zipu moja kubwa ya namba 10, ili hata wa nyuma aone, na koleo, akaanza: hapa ndipo kichwa kinapanuka, hivi ndivyo unavyokijua, namba yake mara nyingi imepigwa mgongoni, soma. Ukiona jino halipo, usihangaike na kichwa. Halafu akawapa koleo wafanye wenyewe, yeye akipita nyuma yao na kuwashika mkono wanaobana kwa nguvu.

Nilimvuta pembeni. "Ukiwafundisha bure hawatarudi."

"Atakayerudi atakuwa amekatikiwa na sindano."

Sikumwelewa mpaka nilipoona. Aliyetengeneza zipu yake kwa mkono wake mwenyewe alienda nyumbani akafungua kabati akaanza kutafuta kingine cha kutengeneza. Wakaanza kurudi wakiwa na maswali ambayo zamani yaliulizwa na mafundi peke yao. Mbona cherehani ya mama yangu inaruka mishono kwenye fulana? Shangazi aliwaonyesha kwamba kitambaa cha kuvutika kinataka sindano ya ncha ya mviringo, inayopita kati ya nyuzi bila kuzitoboa, na kwamba sindano ya 90/14 ni nene kuliko ya 75/11, kwa hiyo usishone hariri kwa sindano ya jinzi. Akawafundisha kuvuta uzi wa zamani kabla ya kuutumia, maana uzi uliokaa juani miaka unakatika mikononi kabla ya kukatika kwenye nguo. Wakanunua sindano, wakanunua uzi, wakanunua koleo, kitu ambacho hatukuwahi kukiuza. Jumamosi likawa darasa, na hilo tukalitoza.

Kutoza kazi ya mkono ndiko kulikomsumbua zaidi. Mimi nilitaka tutoze tangu siku ya foleni ya kwanza. Yeye alikuwa ameshikilia neno lake, hajauza kitu. Mwishowe nilimuuliza macho yake anayapata wapi usiku baada ya kubana vichwa vya watu kutwa nzima. Hakujibu, lakini kesho yake aliandika kwa mkono kibao cha bei: kujifunza kwenye benchi bure, kuachia begi atengeneze yeye, unalipa. Watu walilipa bila neno. Wachache walisema mbona mitandaoni imeandikwa bure.

Hilo ndilo lililomfanya aseme nimtafute yule msafiri. Nikaandika chini ya maneno yake, Shangazi akiwa amesimama nyuma ya bega langu akinitajia:

"Baba, nakutakia afya. Mimi ni mwenye duka. Maneno yako yametuletea heri, ahsante sana. Naomba uongeze kwamba sasa kazi ya kutengeneza inalipiwa na kwamba kuna kusubiri. Watu wanakuja kwa ahadi uliyowapa wewe, nami siwezi kuitimiza tena kama ulivyoikuta. Begi likilegea usilisafirishe kunifuata. Kichwa kirudishe mwanzo, ubane kushoto kidogo, kulia kidogo, ujaribu."

Alijibu siku hiyohiyo. Alikuwa amefika salama, begi bado linafunga. Akauliza kama ni afadhali ayafute kabisa yale maneno.

"Mwambie asifute," Shangazi alisema. "Aongeze tu."

Akaongeza mstari mmoja juu, wenye tarehe. Watu wakapungua baada ya hapo, si sana, na waliokuja walikuja wakiwa wanajua wanachokifuata. Fundi Hamadi hakurudi mwenyewe. Amezoea duka la jumla. Humtuma mwanafunzi wake kwa vifungo tu, kwa sababu kule hakuna ukuta wa kunyooshea kidole, na kijana huyo Jumamosi hukaa kwenye benchi mpaka tufunge. Nilipomweleza Shangazi kwamba msafiri ameshauongeza mstari ule, alikuwa ameshainama kwenye boksi la mzigo mpya, anataka kujua ni nani aliyepokea vichwa vya namba 5 bila kuvihesabu.