Ofa ya Msimu wa Baridi: 15 Juni hadi 31 Agosti

Ndugu wateja wetu wa Njombe, poleni na baridi. Mafua yameanza kupiga hodi majumbani, nasi tumepunguza bei ya vitu vichache vya kuwasaidia kuuvuka msimu huu.

Kipimajoto cha dijitali sasa ni shilingi 7,000 badala ya 10,000. Matone ya maji ya chumvi ya kuzibua pua, ambayo hata mtoto mchanga anaweza kuwekewa, ni 4,000 badala ya 5,000. Kopo kubwa la mafuta ya mgando, kwa midomo na visigino vilivyopasuka, ni 3,500 badala ya 4,500. Asali ya nusu lita ni 6,500 badala ya 8,000. Inalainisha koo linalowasha, ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asilambishwe kabisa.

Antibayotiki hazimo kwenye ofa, na tumeziacha kwa makusudi. Mafua huletwa na virusi, na antibayotiki haziui virusi. Hatuna dawa ya kumaliza mafua kwa usiku mmoja. Mara nyingi huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10; tunazouza ni za kupunguza homa, maumivu na pua kuziba wakati unasubiri. Vitamini C tunayo pia, lakini hatutakwambia inaponya mafua.

Ukifika, mfamasia atakuuliza kwanza: una presha? Una ujauzito? Unatumia dawa gani nyingine? Usichoke kumjibu, maana baadhi ya dawa za kuzibua pua hupandisha presha.

Kuna jambo linatutia wasiwasi kila msimu. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Mtu anameza vidonge viwili vya kichwa, anaongeza viwili vya mafua, kumbe dawa ni ileile na ini ndilo linaloumia. Mtu mzima asivuke vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Njoo na maboksi yako ya nyumbani tukusomee yaliyoandikwa, hata kama hukununua kwetu. Hatutozi kitu.

Wapo tutakaowaambia waende kituo cha afya kabla ya kununua chochote. Mtoto anayepumua harakaharaka, anayebonyea kifua au anayekataa kunyonya apelekwe leo hii. Mwenye homa apime malaria, asikisie. Kikohozi kilichofikisha wiki 2 kipimwe TB. Vituo vya serikali hupima na kutibu TB bure.

Na tafadhali, jiko la mkaa lisilale chumbani na watu. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Tupo nyuma ya soko kuu, mlango wa kijani. Jumatatu hadi Jumamosi tunafungua saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, Jumapili saa 7 mchana hadi saa 12 jioni.