Kashata Anamwandikia Mama, Maskati

Mlangoni
Mama, ni mimi Kashata, paka wako. Mwanao kapiga picha, maneno ni yangu. Hapo nimekaa kizingitini, chini ya mlango wetu wa nakshi, nalinda nyumba. Punda wa saruji nawapisha, maana kichochoro cha Lamu unakijua, hakitoshi punda na mlinzi kwa pamoja. Lakini jana nilimzuia kuku.

Barazani, saa saba mchana
Silali. Nimefumba macho tu.

Barazani, saa kumi
Sasa ndiyo nimelala.

Jikoni
Hii ndiyo picha yangu. Bibi amekalia mbuzi, anakuna nazi, nami niko mbele ya kifuu. Ukitazama vizuri utaona jicho langu moja liko kwenye nazi, la pili kwa changu aliye kwenye sinia. Kile cheupe juu ya masharubu ni chicha, kimeruka chenyewe. Bibi akasema, "We Kashata, toka hapo!" Nikatoka. Nikazunguka meko, nikarudi kwa upande wa pili. Akasema, "Astaghfirullahi, paka huyu!" kisha akanikatia kichwa cha samaki, akakipuliza kwanza kisiniunguze. Anasema hanipendi. Mama, hajawahi kumpulizia mtu mwingine chakula tangu uondoke.

Sikio
Usishtuke ukiona ncha ya sikio la kushoto haipo, sikupigana na mtu. Daktari wa wanyama alinifunga kizazi, akaikata nikiwa usingizini, ili nikionekana mtaani ijulikane kwamba mimi nimeshapitia, nisikamatwe tena. Siku hiyohiyo nikachomwa sindano ya kichaa cha mbwa. Mimi ni paka, Mama. Nimewauliza wote humu ndani, hakuna aliyenijibu.

Darini
Kusi limeanza, ndiyo maana mkia umeelekea kaskazini peke yake. Yale matone kwenye pua ni manyunyu, si machozi.

Simu
Hapa ulikuwa unaongea na Bibi kwa vidio. Sauti yako ilitoka, nikatazama nyuma ya simu, hukuwepo. Nikatazama tena. Ile alama ya kiganja kwenye kioo ni yangu, na aliyekata simu ni mimi pia. Nisamehe, nilikuwa nakushika shavu.

Kitandani kwako
Kanga yako ya kisutu Bibi ameifua mara mbili, lakini pembe moja bado inanukia udi, na pembe hiyo ndiyo mto wangu. Nalala upande wa ukutani, wako nimeuacha wazi. Buibui uliloliacha msumarini lilidondoka, nikalilalia lisipate vumbi. Ukirudi utakuta limejaa manyoya meupe. Usilikung'ute kabla hujaniita.