Nafasi za Kazi: Kiwanda cha Asali, Tabora Mjini

Asali inayoingia kutoka Sikonge, Urambo na Kaliua imezidi mikono tuliyonayo. Tunaajiri watu 9. Kila mmoja atapata mkataba wa maandishi, NSSF, saa za kazi zisizozidi 45 kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka.

Wakaguzi wa asali (2), TSh 600,000 kwa mwezi

Kazi hii ndiyo inayobeba jina letu. Mfugaji anashusha ndoo zake, nawe unafungua moja moja: unanusa kama moshi umeingia, unaangalia kama masega yenye majana yamekamuliwa humo, kisha unaweka tone kwenye refraktomita, kifaa kinachopima maji yaliyomo kwenye asali. Maji yakizidi asilimia 20 hatununui, kwa sababu asali hiyo itachacha. Ila mzee aliyekesha porini akirina haambiwi "haifai" na kugeuziwa mgongo. Mwonyeshe kipimo asome mwenyewe, umweleze kwamba masega ambayo nyuki hawajayaziba yangesubiri kwanza. Cheti cha Chuo cha Ufugaji Nyuki Tabora kitakusaidia. Aliyekulia kwenye mizinga bila cheti naye tunamkaribisha kwa moyo wote.

Wachujaji na wafungashaji (5), TSh 350,000. Usafi na umakini kwenye mizani. Tutakufundisha, na tutagharamia upimaji wa afya.

Dereva wa lori (1), TSh 500,000. Leseni hai, na uzoefu wa barabara za vumbi wakati wa masika.

Karani wa stoo na malipo (1), TSh 550,000. Wafugaji hulipwa siku ileile, hivyo hesabu lazima ifungwe kabla ya jioni.

Hakuna ada ya maombi, usaili wala sare. Ukiombwa hela na yeyote kwa jina letu, usitoe, tupe taarifa.

FOMU YA MAOMBI

1. Majina matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho
2. Umri (kuanzia miaka 18)
3. Simu inayopatikana, na ya mtu wa karibu
4. Kata na wilaya unayoishi
5. Kazi unayoomba: mkaguzi / mchujaji au mfungashaji / dereva / karani (chagua moja)
6. Elimu uliyofikia. Darasa la saba linakubalika kwa uchujaji na ufungashaji.
7. Kazi uliyowahi kufanya, hata shambani kwenu au dukani kwa ndugu: ulifanya nini hasa?
8. Kwa wanaoomba ukaguzi: mfugaji amekataa kipimo chako na watu wanasikiliza. Utamwambia nini?
9. Mdhamini mmoja anayekufahamu kikazi: jina na simu
10. Je, una ulemavu au hali ya kiafya inayohitaji tuandae usaili kwa namna fulani? Tueleze tujipange.

Nathibitisha kuwa maelezo haya ni ya kweli: Ndiyo / Hapana

Picha ya cheti au leseni, kama unayo, iambatishe hapa. Wasio na simu janja wachukue fomu ya karatasi getini, asubuhi hadi saa 9 alasiri. Mwisho ni Ijumaa, 30 Oktoba 2026. Kila mwombaji atajibiwa kwa ujumbe wa simu, aliyechaguliwa na asiyechaguliwa.

TUMA MAOMBI