Kifungu cha 9: Marekebisho ya Bei na Sarafu

9.1 Bei ya Msingi (P0) ni yuro 1,000 kwa kila roli la waya wa shaba. Bei mpya (P1) itakokotolewa kila robo mwaka:

```
P1 = P0 × (0.20 + 0.55 × S1/S0 + 0.25 × K1/K0)
```

9.2 S ni wastani wa bei ya shaba ya malipo ya papo hapo katika Soko la Metali la London kwa mwezi uliotangulia robo husika, ikigeuzwa kutoka dola kuwa yuro siku kwa siku kwa kiwango rejea cha Benki Kuu ya Ulaya. Kama ilivyo kwa P, 0 ni thamani ya msingi na 1 ni thamani mpya; S0 ni yuro 8,000 kwa tani. K ni kielezo cha Eurostat cha gharama za nguvukazi. Marekebisho ya baadaye ya kielezo hiki hayabadilishi ankara zilizokwisha kulipwa.

9.3 Kwa kuwa S tayari imebeba mabadiliko ya dola, Muuzaji hatadai nyongeza nyingine yoyote ya sarafu.

9.4 Mfano: S1 ikiwa 8,800 na K isipobadilika, P1 ni yuro 1,055.

9.5 P1 ikitofautiana na bei inayotumika kwa chini ya asilimia 3, bei haibadiliki. Ikifika au kuzidi hapo, tofauti yote itatumika, si ziada pekee, iwe bei inapanda au inashuka.

9.6 Muuzaji akichelewesha mzigo, itatumika bei ya tarehe ya ahadi au ya makabidhiano, iliyo ndogo.

9.7 P1 ikipita yuro 1,200 au kushuka chini ya 800, pande zote zitajadiliana kwa siku 30. Zisipoafikiana, yeyote anaweza kusitisha mkataba kwa notisi ya siku 60. Oda zilizothibitishwa zitakamilishwa kwa bei ya mwisho iliyokubaliwa.