Tathmini ya lifti: jengo la ofisi la ghorofa 10, Shangani, Mtwara

Kwa: Msanifu majengo na msimamizi wa mradi
Kutoka: Mhandisi wa mitambo

Ndugu,

Michoro mliyonitumia ina mashimo matatu ya lifti, kila moja kwa kibanda cha watu 13. Naomba yawe manne, na vibanda viwe vya watu 8. Najua mteja ataguna, kwa hiyo naweka hesabu yote hapa.

Watu. Juu ya ghorofa ya chini kuna ghorofa 10 za ofisi, kila moja ikiwa na mita za mraba 600 zinazotumika. Nimempa kila mfanyakazi mita 12, tukapata watu 50 kwa ghorofa na 500 kwa jengo zima. Wageni sikuwahesabu, wengi huja baada ya saa tatu, msongamano ukiwa umepungua.

Lengo. Asubuhi, wapangaji wengi wakiingia kati ya saa 1:15 na saa 1:30, lifti ziweze kupandisha asilimia 12 ya watu wote kwa dakika 5, yaani watu 60. Na muda kati ya lifti moja kuondoka chini na nyingine kufuata usizidi sekunde 30.

Mzunguko mmoja. Nimetumia fomula ya kawaida ya kilele cha asubuhi:

```
RTT = 2*H*tv + (S+1)*ts + 2*P*tp
S   = N*(1 - (1 - 1/N)^P)
INT = RTT / L
HC  = 300*P / INT
```

RTT ni muda wa mzunguko mmoja, INT ni muda kati ya lifti, na HC ni watu wanaopandishwa kwa dakika 5. N ni ghorofa 10. P ni abiria kwa safari, nami nakijaza kibanda asilimia 80 tu: 6.4 kwa kibanda cha watu 8, na takriban 10 kwa cha 13. S ni vituo vinavyotarajiwa, H ni ghorofa ya juu kabisa inayofikiwa kwa wastani, L ni idadi ya lifti. Kimo cha ghorofa ni mita 3.6 na mwendo ni mita 1.6 kwa sekunde, hivyo tv ni sekunde 2.25. Kila kituo, pamoja na kufunga na kufungua mlango, kinaongeza sekunde 7.25 (ts). Abiria mmoja kuingia au kutoka ni sekunde 1.2 (tp).

Kibanda cha 13: S ni 6.5, H ni 9.5, mzunguko sekunde 121.
Kibanda cha 8: S ni 4.9, H ni 9.1, mzunguko sekunde 99.

| Mpangilio | Muda kati ya lifti | Watu kwa dakika 5 |
|---|---|---|
| 3 za watu 13 | sek. 40.4 | 74 (14.8%) |
| 3 za watu 8 | sek. 33.0 | 58 (11.6%) |
| 4 za watu 8 | sek. 24.8 | 77 (15.5%) |

Mstari wa kwanza ndio mchoro wenu. Uwezo unatosha na kubaki, ila watu watasimama chini wakibonyeza kitufe tena na tena. Mtasema asubuhi vibanda havitajaa hivyo. Kweli: nikipunguza abiria mpaka watimie 60 kwa dakika 5, muda unashuka hadi kama sekunde 34. Bado haufiki lengo.

Msimamizi aliuliza kama tungeongeza mwendo hadi mita 2.5 kwa sekunde badala ya kuongeza lifti. Nimejaribu: kwa vibanda vya 13 tunaokoa sekunde 9 tu katika 121. Muda mwingi unaliwa na vituo, milango na abiria, na kwenye ghorofa moja ya mita 3.6 lifti inaanza kupunguza mwendo kabla haijafikia kasi yake.

Linalonisumbua zaidi ni siku ya ubovu. Fundi na vipuri vitatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, na Mei 2024 mafuriko yaliyoambatana na kimbunga Hidaya yaliikata barabara hiyo pale Somanga. Ikifa moja kati ya tatu za watu 13, muda unakuwa sekunde 61 na uwezo asilimia 9.9. Ikifa moja kati ya nne ndogo, tunarudi kwenye mstari wa pili wa jedwali: jengo linalalamika lakini linafanya kazi.

Ijumaa mchana ni hesabu nyingine, wengine wakishuka kwenda msikitini na wengine wakipanda kutoka kula. Fomula hii haiioni. Nitaiendesha kwa programu ya uigaji mkishathibitisha wapangaji.

Kuhusu nafasi: vibanda vitatu vya mita 1.6 kwa 1.4 vinachukua mita za mraba 6.72, vinne vya 1.1 kwa 1.4 vinachukua 6.16. Kuta za mashimo zitaongezeka. Kimoja kati ya vinne kiwe na kina cha mita 2.1 ili machela na makabati yaingie. Nimekihesabu kama cha watu 8, kwa hiyo hakiharibu jedwali.

Naomba michoro mipya ya mashimo kabla ya zege la msingi kumwagwa.